Kuthibitisha joto la otoklevu na oveni: themokapo za waya au loga?

Skrini ya otoklevu inapoonyesha 134 °C, namba hiyo imetoka kwenye probu moja ya mashine, ambayo mara nyingi imekaa kwenye njia ya kutolea maji chini ya chemba. Probu hiyo haina habari na kinachoendelea katikati ya furushi la nguo za upasuaji. Oveni nayo ni hivyo hivyo: kipimajoto chake kinasoma hewa, wakati vyombo vya kioo vilivyofungwa ndani ya boksi la chuma vinaweza kuchelewa nyuma ya hewa hiyo kwa zaidi ya nusu saa. Ndiyo maana uthibitishaji hufanywa kwa probu nyingi zinazojitegemea, zikiwekwa pale ambapo joto linatarajiwa kufika mwisho.

Fundi au msimamizi wa ubora anayetaka kuanza kazi hii hukwama kwenye swali la vifaa. Anunue themokapo za waya zinazopitishwa kwenye tundu la chemba hadi kwenye kinasa data kilicho nje, au anunue loga, yaani vipimajoto vidogo vyenye betri na kumbukumbu vinavyofungiwa ndani pamoja na mzigo? Njia zote mbili zinakubalika na zote hutumika kazini kila siku. Tofauti huonekana unapouliza maswali sahihi.

## Vigezo vya kulinganishia

Swali la kwanza ni kama probu inaweza kufika mahali pagumu zaidi bila kubadilisha mahali penyewe. La pili ni kama inaona muda vizuri, kwa sababu tunachothibitisha ni joto pamoja na muda ambao joto hilo lilidumu. La tatu ni usahihi wake ukilinganishwa na mipaka ya kukubali: kama mpaka una upana wa digrii 3, kifaa chenye shaka ya digrii 1 kila upande kimeshakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. La nne ni jinsi kinavyoharibika, na kama uharibifu huo unajitangaza au unajificha.

Mipaka yenyewe iwekwe wazi kabla ya kugusa kifaa chochote. Kwa otoklevu kubwa za hospitali, kiwango cha EN 285 kinataka joto la mzigo likae kati ya joto lililochaguliwa na digrii 3 juu yake, kwa hiyo 134 hadi 137 °C, kwa muda usiopungua dakika 3. Ukichagua 121 °C, muda ni dakika 15. Katika kipindi hicho probu zote, zikisomwa kwa wakati mmoja, zisipishane kwa zaidi ya digrii 2. Kuna na muda wa kusawazika, yaani tangu probu ya rejea ifike 134 °C hadi ile ya mwisho kwenye mzigo ifike hapo. Usizidi sekunde 15 kwa chemba zisizozidi lita 800, au sekunde 30 kwa zilizo kubwa zaidi.

Muda wa kushikilia huanza pale probu iliyochelewa kuliko zote inapofika kwenye mpaka wa chini, na huisha pale probu yoyote inaposhuka chini ya mpaka huo kwa mara ya kwanza. Saa ya mashine huanza kuhesabu mapema, probu yake yenyewe inapofika. Uthibitishaji unahusu pengo lililopo kati ya saa hizo mbili.

Kwa oveni ya hewa kavu, vipimo vinavyotumika sana ni 160 °C kwa saa 2, 170 °C kwa saa 1 au 180 °C kwa nusu saa. Mpaka wa juu mara nyingi unauweka mwenyewe kwenye itifaki yako, kwa kuangalia mzigo utavumilia nini. Kiwango cha ISO 20857 kinakutaka uueleze na kuutetea.

## Themokapo za waya

Kuziweka. Themokapo ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, na ncha ndiyo inayopima. Kwa kazi hii aina ya T, ya shaba na konstantani, ndiyo inayopendwa. Ncha yake ni ndogo sana, kwa hiyo inaingia ndani ya mrija, chini ya kifuniko cha chupa au katikati ya furushi, na haibebi joto lolote la kuonekana. Ugumu uko njiani. Ni lazima otoklevu iwe na tundu la majaribio lenye kizibo cha kupitishia nyaya, na kizibo kikilegea hewa huingia wakati wa vakyumu. Hewa hiyo itatengeneza eneo la baridi ambalo utalilaumu kwa mashine kumbe umelileta mwenyewe. Ukishafunga kizibo, fanya kipimo cha kuvuja kabla ya kitu kingine chochote. Shinikizo lisipande kwa zaidi ya milibari 1.3 kwa dakika. Nyaya zinazoingia kwenye furushi nazo zitandazwe zikiwa zimetengana, zisifungwe pamoja kama kamba, maana fungu la nyaya hufungulia mvuke njia ambayo furushi la kawaida halina.

Kuona muda. Hapa waya una nguvu. Ncha ndogo hufuata badiliko la joto karibu papo hapo, kinasa data kinaweza kusoma kila sekunde, na unaona mistari ikipanda kwenye skrini mzunguko ukiendelea. Probu ikikatika unaisimamisha kazi mapema, badala ya kugundua baadaye.

Usahihi na mipaka. Themokapo mpya ya aina ya T ya daraja la 1 inaruhusiwa kukosea takriban nusu digrii. Kwa hiyo hutumika ikiwa imelinganishwa na Pt100, yaani kipimajoto cha platinamu, yenye cheti, ndani ya bafu ya mafuta au bloku kavu, kwa joto lile lile utakalolipima. Ulinganisho ufanyike kabla ya kazi na urudiwe baada ya kazi, na tofauti ya nusu digrii ndiyo mpaka unaotumika na wengi. Probu iliyopita kabla na kushindwa baada haihesabiki, na kama ndiyo iliyokuwa kwenye sehemu ngumu zaidi, mzunguko urudiwe.

Inavyoharibika. Kuna makosa mawili yanayojificha. La kwanza linatoka kwenye kinasa data chenyewe: themokapo hupima tofauti ya joto kati ya ncha na kituo cha kuunganishia, kwa hiyo kinasa kikiwekwa karibu na mlango unaotoa mvuke au chini ya kiyoyozi, vipimo huyumba. Dalili yake ni kwamba chaneli zote zinapanda au kushuka pamoja. La pili ni waya uliopondwa mlangoni. Nyaya zikigusana hapo, pale zilipogusana panageuka kuwa ncha mpya, na kifaa kinasoma joto la mlango huku kikionekana kizima. Dalili ni probu moja inayosoma chini ya wenzake hata chemba ikiwa tupu. Mvuke pia hutambaa ndani ya ganda la waya na kudondosha maji kwenye kinasa. Kukunja waya kidogo kushuka chini kabla ya kufika kwenye kifaa kunasaidia.

Inamfaa nani. Aliye na mashine kubwa zenye tundu, anayepima mizunguko mifupi ya 134 °C, na mwenye fundi wa kuzilinganisha na kuzitunza hapo hapo.

## Loga zisizo na waya

Kuziweka. Unazipanga kwenye kompyuta, unazitia ndani ya mzigo, unafunga mlango. Hakuna tundu wala kizibo, na hakuna shaka kuhusu kuvuja. Kwa mashine inayozungusha mzigo, au ndogo ya mezani isiyo na tundu, ndiyo njia pekee ya kupima bila kuharibu mlango. Gharama yake ni mwili wa loga. Ni kipande cha chuma cha pua ambacho nacho lazima kipashwe joto, na mvuke hugeuka maji juu yake. Kwenye mzigo mkubwa wa vyuma hilo halina uzito. Kwenye jaribio la mzigo mdogo, ambapo furushi moja la pamba la takriban kilo 7 linawekwa peke yake ili kuona kama hewa iliyobaki imekusanyika ndani yake, kuingiza chuma katikati ya pamba ni kubadilisha kile unachokipima. Chagua loga zenye probu nyembamba ndefu, ili ncha ifike katikati na mwili ubaki nje ya furushi.

Kuona muda. Loga nyingi zinaweza kurekodi kila sekunde, lakini watu huziacha kwenye sekunde 10 au 30 ili kulinda betri na kumbukumbu. Kwa oveni hakuna tatizo. Kwa 134 °C ni kosa kubwa, na nitalionyesha kwa namba hapa chini. Saa za loga zote nazo lazima ziwekwe kwa pamoja kutoka kompyuta moja kabla ya mzunguko, la sivyo huwezi kusema zilikuwa zikisoma nini kwa wakati mmoja. Nyingi hukuonyesha matokeo mzunguko ukishakwisha.

Usahihi na mipaka. Hapa loga inajibu vizuri. Zilizo nyingi hutumia Pt100 au mfano wake, hazina kituo cha nje cha kuyumbishwa na kiyoyozi, na kalibresheni hudumu kwa muda mrefu kuliko ya waya unaokunjwa kila siku. Hilo halifuti ulinganisho wa kabla na baada. Linapunguza tu idadi ya probu utakazozikataa.

Inavyoharibika. Kikomo chake ni betri. Loga nyingi za mvuke zimetengenezwa kwa joto lisilozidi takriban 140 °C. Kuiweka loga ya namna hiyo kwenye oveni ya 160 au 180 °C ni hatari, kwa sababu betri ya lithiamu ikizidiwa na joto inaweza kupasuka. Kwa oveni kuna loga za joto kali, na nyingine huvalishwa ganda la kuzuia joto ambalo hulinda kwa muda fulani tu. Soma muda huo, kisha ujumlishe saa za kupanda, za kushikilia na za kupoa, usihesabu zile 2 za kushikilia peke yake. Hitilafu nyingine ya kawaida ni mpira wa kifuniko cha betri kuchakaa. Loga inaingiwa na maji na rekodi ya mzunguko mzima inapotea, jambo ambalo angalau halijifichi.

Inamfaa nani. Aliye na mashine nyingi ndogo katika vituo mbalimbali, anayesafiri na kifaa kwenye begi, au ambaye mashine yake haina tundu.

## Mzunguko mmoja wa 134 °C ukiusoma kwa njia zote mbili

Chukua mfano wa otoklevu ya lita 400, jaribio la mzigo mdogo, probu 7: moja kwenye pointi ya rejea, tano ndani ya furushi, moja milimita 50 juu yake. Namba zifuatazo nimezitunga ili hesabu ionekane.

Probu ya rejea inavuka 134 °C, tuite sekunde 0. Probu namba 4, iliyo katikati ya furushi, inavuka kwenye sekunde ya 11 na kutulia kwenye 134.3. Saa ya mashine imewekwa sekunde 210. Mvuke unapoanza kutolewa, probu iliyo juu ya furushi ndiyo inayoshuka chini ya 134 kwanza, sekunde ya 212. Muda wa kusawazika ni sekunde 11, chini ya 15. Muda wa kushikilia ni 212 kutoa 11, yaani 201, na zinazohitajika ni 180. Usomaji wa juu kabisa ni 135.9, na tofauti kubwa kati ya probu kwa wakati mmoja ni 1.6. Kwa macho ya haraka, mashine imepita.

Sasa ingiza shaka ya kipimo. Kama cheti kinasema shaka ni nusu digrii, usomaji wa 134.3 unaweza kuwa 133.8 kwa kweli. Huwezi kusema kwa uhakika kwamba katikati ya furushi palifika. Ninavyoona mimi, itifaki inapaswa kuyasema haya mapema: kukubali ni kati ya 134.5 na 136.5, siyo 134 na 137. Ukipandisha joto la mashine kwa nusu digrii, probu namba 4 itatulia karibu na 134.8 na ile yenye usomaji wa juu kabisa karibu na 136.4. Zote mbili zinaingia, japo kwa juu nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Joto likishabadilishwa, mizunguko inaanza kuhesabiwa upya, na kawaida ni mitatu mfululizo yenye matokeo yanayofanana.

Mzunguko huo huo uchukue kwa loga zinazosoma kila sekunde 10. Kwenye sekunde ya 10, probu namba 4 bado iko 133.9. Usomaji unaofuata ni wa sekunde ya 20. Rekodi itasema muda wa kusawazika ni sekunde 20, na mashine nzuri imefeli. Kinyume chake kinatisha zaidi: kama rejea ilivuka kwenye sekunde ya 1 na probu ya katikati kwenye ya 19, pengo la kweli ni sekunde 18, lakini rekodi itaonyesha 10 na 20, pengo la 10. Mashine inayobakiza hewa imepewa cheti. Loga zile zile zikiwekwa kwenye sekunde 1, tatizo linaondoka.

## Oveni inauliza jambo jingine

Kwenye oveni sekunde hazina maana kubwa. Kinachotawala ni kuchelewa kwa mzigo. Kwa oveni ya kawaida ya maabara, anza na chemba tupu na probu 9, nane kwenye pembe za nafasi inayotumika na moja katikati. Ukishajua pembe ya baridi, hamishia probu ndani ya mzigo, na nyingi zaidi ziende upande huo.

Tuseme hewa imefika 160 °C baada ya dakika 35, na probu iliyo ndani ya boksi la sirinji za kioo, rafu ya chini, imefika baada ya dakika 80. Mtumiaji akihesabu saa 2 kutoka kwenye skrini, sirinji zile zimepata dakika 75 tu. Dawa yake ni kuongeza dakika 45 kwenye saa ya mashine, au kupunguza mzigo na kuacha nafasi ya hewa kupita, kisha kupima tena. Kosa hili loga inalionyesha sawasawa na waya, hata ikisoma kila dakika.

Kwa hiyo kwenye oveni uamuzi unategemea zaidi uvumilivu wa kifaa kwa joto. Themokapo zenye ganda la PTFE hustahimili 180 °C bila wasiwasi, na hupita kwenye tundu la kutolea hewa la juu, au kwenye mpira wa mlango zikiwa nyembamba. Hakuna vakyumu ya kuvuja hapa, ila mlango usibaki wazi kidogo, maana pembe iliyo karibu nao itasoma baridi ambayo siku za kawaida haipo.

## Uchague kwa hali yako

Kama unasimamia kitengo cha kutakasa vifaa kwenye hospitali kubwa, na otoklevu zako zina vakyumu, tundu la majaribio na mizunguko ya 134 °C, waya utakuhudumia vizuri, hasa kwa jaribio la mzigo mdogo. Pesa inayobaki iende kwenye bafu au bloku ya kulinganishia na Pt100 moja nzuri, ambayo utaipeleka maabara ya ugezi ya TBS au KEBS kwa ratiba.

Kama unazunguka kwenye vituo vya afya vyenye otoklevu ndogo zisizo na tundu, chukua loga, na kama bajeti inaruhusu moja iwe na kihisi cha shinikizo. Hasa kwa vituo vya nyanda za juu. Otoklevu ya kawaida ya jiko hutawaliwa na geji inayosoma shinikizo juu ya lile la hewa ya nje. Geji ikisoma bari 1.05 Dar es Salaam, ndani kuna bari 2.06 kwa jumla, na mvuke safi uko karibu na 121 °C. Geji hiyo hiyo Nairobi, ambako hewa ya nje ni takriban bari 0.82, inamaanisha bari 1.87 tu, na mvuke uko karibu na 118 °C. Kwa kuwa kasi ya kuua vijidudu kwa mvuke huhesabiwa kupungua mara 10 kwa kila digrii 10 zinazoshuka, kwenye 118 °C ni karibu nusu ya ile ya 121 °C. Loga ya joto itakuonyesha kasoro hiyo. Ya shinikizo itakwambia kama sababu ni mwinuko au ni hewa iliyobaki ndani: joto likiwa chini zaidi ya digrii 2 ya lile ambalo shinikizo la jumla linadai, tafuta hewa.

Kama kazi yako kubwa ni oveni, na otoklevu ni ya mara chache, anza na waya, kwa sababu seti moja inakwenda kote kuwili. Loga za mvuke hazitakufaa kwenye oveni, na za joto kali utazilipia ziada.

Kama tayari una loga na mteja au mkaguzi anataka uthibitisho wa muda wa kusawazika, usinunue kitu kipya kabla hujazijaribu kwenye sekunde 1, ncha nyembamba zikiwa ndani ya furushi. Pitisha themokapo mbili tu za kuazima kwenye mzunguko mmoja, ncha zikiwa zimefungwa pamoja na ncha za loga mbili, kwenye rejea na katikati. Zikitofautiana kwa sekunde 1 au 2, endelea na ulichonacho. Zikitofautiana kwa sekunde 6 au 7, loga zako ni nzito mno kwa jaribio hilo, ingawa kwa mizunguko ya 121 °C ya dakika 15 bado zinaweza kukidhi kazi bila shida.